PS4 inachemka na kujizima ndani ya kabati: namna ya kupima, kusafisha na kuipanga upya

PS4 nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa sababu "zinajizima" hazina ubaya wowote ndani. Zimefungiwa kwenye kabati la TV, na zinavuta tena hewa ileile ya moto ziliyoitoa sekunde chache kabla. Fundi akiifungua juu ya meza yake, sehemu yenye hewa, inacheza mpira mchana kutwa bila tatizo. Mwenyewe anailipia, anairudisha kabatini, na Jumamosi inayofuata inazima tena.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kupima, ndipo uende kwenye vumbi, na unaishia kwenye kabati lenyewe. Nimechukua PS4 Slim kama mfano kwa sababu ndiyo imejaa majumbani na kwenye vibanda vya gemu, lakini mengi humu yanahusu pia PS4 ile nene ya mwanzo na Pro. PS5 na Xbox nimeziwekea maneno yao mwishoni.

Kwanza hakikisha ni joto, siyo umeme

Kujizima kwa joto hakutokei ghafla kama watu wanavyodhani. Hutanguliwa na dalili. Feni inaanza kupiga kelele, inaongezeka, inafika mahali inaunguruma kama jenereta la jirani. Kisha unatokea ujumbe kwenye skrini kwamba mashine imepata joto kupita kiasi, uizime na usubiri ipoe. Ukiupuuza, inajizima yenyewe, na taa inaweza kuonyesha nyekundu. Ukijaribu kuiwasha papo hapo, inawaka lakini feni inaanza na kelele zilezile, na haichukui muda inazima tena. Ukiiacha ikapoa vizuri, inafanya kazi kama kawaida mpaka joto lipande upya.

Tatizo la umeme lina tabia nyingine kabisa. Mashine inakatika katikati ya mchezo, feni ikiwa imetulia, kava ukiligusa ni vuguvugu tu. Unaiwasha dakika hiyohiyo na inaendelea. Siku nyingine inakatika hata ikiwa kwenye menyu haifanyi kitu. Hapo angalia soketi iliyolegea, ekstensheni ya bei rahisi iliyobebeshwa TV, king'amuzi, redio na chaji za simu, au waya wa umeme usiokaa vizuri nyuma ya mashine. Chomeka moja kwa moja ukutani kwa jioni moja uone. Kama umeme wa mtaani kwenu unapanda na kushuka, taa za nyumbani zitakuambia: zikififia wakati uleule mashine inapokatika, usihangaike na vumbi.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya watu. Mashine haina kelele, haijachemka, imechomekwa ukutani, lakini inakatika kila picha inapokuwa nzito, na ukirudi kwenye menyu inatulia. Hiyo mara nyingi ni pawa saplai ya ndani iliyochoka, haiwezi tena kutoa umeme wa kutosha mzigo ukizidi. Hiyo ni kazi ya fundi, na tutaliacha hapo.

Ujumbe unaoonekana ukiwasha tena, ule unaosema PS4 haikuzimwa ipasavyo, hausaidii kuamua. Unatokea kwa sababu mashine ilikatika bila kufuata utaratibu, iwe ni kwa umeme au kwa joto.

Jaribio la mezani

Kabla ya kushika bisibisi, fanya jaribio moja. Toa PS4 kabatini, iweke juu ya meza tupu katikati ya chumba, mbali na ukuta, bila kitu juu yake wala kitambaa chini yake. Cheza gemu lilelile lililoizima, kwa saa moja, ikiwezekana wakati uleule wa siku. Hilo la wakati ni muhimu zaidi ya linavyoonekana: Dar au Mombasa mwezi wa pili, sebule saa tisa mchana inaweza kuwa na nyuzi 32 au zaidi, wakati saa nne usiku imeshuka. Sony wameandika kwamba PS4 imetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa ya nyuzi 5 hadi 35. Maana yake ni kwamba ukiwa Pwani kwenye joto lile, umebakiwa na nyuzi tatu tu kabla ya kuvuka mpaka. Aliyeko Nairobi au Arusha ana nafasi kubwa zaidi kabla ya kuufikia mpaka huo, na ndiyo maana kabati lilelile linaweza kufanya kazi huko na kushindwa Tanga.

Wakati wa jaribio, baada ya kama nusu saa, weka kiganja nyuma ya mashine, umbali wa upana wa mkono, usikilize hewa inayotoka. Hapa ndipo utapata jibu la karibu kila kitu.

Hewa ikitoka kwa nguvu na ni ya moto, mashine ni nzima. Inatoa joto lake kama inavyotakiwa, na kama mezani haijazima, kosa ni la kabati. Ruka sehemu ya kufungua, safisha nje tu kisha nenda kwenye kabati.

Hewa ikitoka kidogo, dhaifu, huku feni inasikika inahangaika, njia imezibwa na vumbi. Feni inazunguka lakini hewa haipiti.

Hewa ikitoka kwa nguvu sana lakini ni vuguvugu tu, na feni ilianza kuunguruma dakika chache tu baada ya kuwasha, joto linakwama kwenye prosesa na haliendi kwenye mapezi ya chuma yanayopozwa na feni. Ile pesti iliyopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka. PS4 za kwanza zilitoka 2013 na Slim 2016, kwa hiyo pesti ya kiwandani iliyokauka si jambo la kushangaza.

Kusafisha nje

Izime kabisa kupitia menyu ya umeme kwenye skrini, usiiache kwenye hali ya kusinzia. Taa ya rangi ya chungwa maana yake bado inasinzia. Kisha chomoa waya wa umeme, waya wa HDMI na vyote vingine, uiache ipoe nusu saa.

Slim inavuta hewa kupitia matundu ya pembeni na kuitoa nyuma. Pembeni ndiko vumbi linakoanzia, na ndiko watu wanakosahau kwa sababu hakuonekani. Chukua brashi laini kavu, hata ile ya rangi ambayo haijatumika, upitishe kwenye matundu yote ya pembeni huku ukiielekeza mashine chini ili vumbi lidondoke nje lisiingie ndani. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, weka mdomo wake wenye brashi karibu na matundu na ufyonze kwa nguvu ndogo. Kufyonza ni bora kuliko kupuliza unapokuwa nje, kwa sababu kupuliza kunasukuma sehemu ya vumbi ndani zaidi.

Usitumie kitambaa chenye maji, na usinyunyize kitu chochote kwenye matundu.

Ukimulika tochi kupitia matundu ya nyuma utaona mapezi ya chuma yamepangana, na mara nyingi yanaonekana masafi. Usidanganyike. Hewa inatoka kwenye feni, inapita kwenye mapezi, ndipo inatoka nyuma. Vumbi linanasa pale inapoingilia, yaani upande wa ndani unaotazama feni, ambao tochi yako haiufikii. Nimeona mashine ambayo ukiitazama nyuma inang'aa, lakini ilipofunguliwa upande wa ndani ulikuwa na blanketi la kijivu, nyuzi za zulia na nywele za paka zimesukwa pamoja kiasi kwamba ungeweza kulivua lote kwa vidole kama kipande cha kitambaa. Ndiyo maana jaribio la kiganja lina maana kuliko tochi.

Kusafisha ndani

Kama hewa ya nyuma ni dhaifu na kusafisha nje hakujabadilisha kitu, ni lazima ifunguliwe. Kama mashine bado ina dhamana ya dukani, irudishe huko kwanza, maana ukishafungua hawataipokea.

Tafuta namba ya modeli inayoanzia na CUH kwenye stika ya mashine. CUH-10, 11 na 12 ndizo nene za mwanzo, CUH-20 kwenda juu ndizo Slim, na CUH-70 kwenda juu ndizo Pro. Mpangilio wa ndani unatofautiana, kwa hiyo tazama video ya kufungua modeli yako hasa kabla ya kuanza, siyo yoyote ile ya PS4. Utahitaji bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, saizi T8 au T9, na bisibisi ndogo ya msalaba. Ile tundu ni muhimu, kwa sababu skrubu zenyewe zina kijiti katikati na bisibisi ya nyota ya kawaida haiingii. Watu wanaolazimisha kwa ncha ya kisu huishia kuzivua meno, na hapo ndipo kazi ya nusu saa inapogeuka kuwa ya siku nzima.

Fanyia kazi juu ya meza, kwenye mwanga, na chora umbo la mashine kwenye karatasi. Kila skrubu unayoitoa iweke kwenye karatasi mahali ilipotoka. Zina urefu tofauti, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu. Gusa bomba la chuma au chuma kingine kikubwa kilichogusana na ardhi kabla hujaingiza mkono, ili umeme wa mwilini uondoke. Nyaya bapa kama utepe zinazounganisha sehemu za ndani hazivutwi kwa nguvu. Na boksi la pawa saplai lenyewe usilifungue kamwe, hata kama mashine imechomolewa, kwa sababu ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme mkali.

Ukiifikia feni, iwekee kijiti cha meno au pamba ya masikio kati ya mabapa yake isizunguke. Hewa ya kupuliza ikiizungusha feni kasi kuliko ilivyoundwa inaweza kuharibu beringi, na feni inayozungushwa hivyo inazalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Vua kwanza lile blanketi la vumbi kwa kibano au kwa vidole, ndipo upulize kilichobaki. Ukianza kupuliza, unalisukuma ndani ya mapezi na linakuwa gumu kutoka.

Kuhusu kupuliza: kopo la hewa ni zuri, likishikwa wima na kwa mipulizo mifupi. Ukiliinamisha, linatoa kimiminika cha baridi kali badala ya hewa. Pampu ya mpira ya mkono, ile wanayotumia wapiga picha, inatosha kwa vumbi kavu. Kompresa ya gereji au ya kujaza matairi achana nayo. Ina nguvu kupita kiasi, na hewa yake hubeba matone ya maji na mafuta yanayobaki kwenye bodi. Nenda nje ya nyumba au barazani, ufunge kitambaa puani.

Pwani vumbi halitoki kirahisi hivyo. Unyevu, chumvi ya hewani na mvuke wa mafuta ya kukaangia, hasa kama jiko liko karibu na sebule, vinalifanya linate kwenye mabapa ya feni kama ukoko. Hapo tumia pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ufute bapa moja baada ya jingine, kisha uache ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Petroli na thina haziruhusiwi hata kidogo, zinayeyusha plastiki.

Jambo jingine la kutegemea ukifungua ni mende. Ndani ya PS4 kuna joto, giza na matundu yenye upana unaowafaa, na wanapendelea upande wa pawa saplai. Wakifa humo wanaziba njia, na wakipita sehemu yenye umeme wanaweza kuiunguza. Usipulize dawa ya mende ndani ya mashine wala karibu na matundu. Weka dawa ya chambo, ya jeli, kwenye pembe za kabati na nyuma yake, siku kadhaa kabla ya kuirudisha mashine. Kibanda cha gemu kinachouza na vitafunwa hakina namna ya kulikwepa hili.

Kubadilisha pesti kunahitaji kutoa bodi nzima na chuma cha kupozea, na hapo mimi ningempa fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, kama jaribio la kiganja limeonyesha ndilo tatizo. Mwambie tu asafishe ile ya zamani kwa isopropili mpaka chuma kionekane, na aweke tabaka jembamba linalofunika uso wa prosesa. Kuijaza kama siagi kwenye mkate hakuongezi ubaridi.

Kabati

Sasa turudi kwenye chanzo chenyewe. Ukicheza gemu zito, Slim inakula umeme wa wati 80 hivi, na karibu zote zinageuka kuwa joto. Pro inafika kama wati 150. Hebu tufanye hesabu ya kabati moja la kweli, la binamu yangu wa Tabata: kabati la TV la mbao zilizobanwa, lenye vyumba vitatu, cha katikati kikiwa na mlango wa kioo. Chumba hicho kina upana wa sentimita 60, kina cha 40 na kimo cha 20. Nyuma kimezibwa na haidibodi yenye tundu moja la duara la kupitishia nyaya, kipenyo sentimita 5.

Hewa yote iliyomo ni lita 48, na uzito wake haufiki gramu 60. Ili wati 80 zisiipandishe hewa zaidi ya nyuzi 5 juu ya joto la sebule, zinahitajika kama lita 13 za hewa mpya kila sekunde. Yaani hewa yote ya chumba kile ibadilike kila baada ya sekunde nne hivi. Tundu la sentimita 5 lina eneo la sentimita 20 za mraba, na nyaya tatu nene zimeshachukua sehemu yake. Kupitisha lita 13 kwa sekunde kwenye tundu kama hilo, hewa ingebidi ikimbie zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Feni ya PS4 haiwezi kufanya hivyo, na hakuna feni nyingine pale.

Kuacha mlango wa kioo wazi kulisaidia lakini hakukutosha, na sababu yake ni rahisi ukiifikiria njia ya hewa. Hewa ya moto inatoka nyuma, inagonga haidibodi, haina pa kwenda, inapinda kulia na kushoto na kurudi mbele ikipita kandokando ya mashine. Na matundu ya kuvutia hewa yako wapi? Palepale pembeni. Kipimajoto kidogo cha bei rahisi, kile cha kidijitali cha ukutani, kikiwekwa pembeni mwa mashine kilisoma nyuzi 38 wakati sebule ilikuwa 31. Mlango wazi, feni ya dari inazunguka, na bado mashine ilikuwa inapumua hewa iliyopita mpaka wa nyuzi 35. Feni ya dari inaburudisha watu waliokaa kwenye kochi. Kilichomo ndani ya kabati haikifikii.

Dawa ilikuwa kukata haidibodi. Vuta kabati mbali na ukuta, hamisha vyote, na uchore mstatili nyuma ya chumba cha PS4. Usikate haidibodi yote, kwa sababu ndiyo inayolizuia kabati lisiyumbe upande. Acha ukingo wa sentimita 5 pande zote. Kwenye chumba hiki mstatili ulikuwa wa sentimita 50 kwa 10, sawa na sentimita 500 za mraba, mara 25 ya lile tundu. Toboa pembe nne kwa drili, pitisha msumeno mwembamba kutoka tundu hadi tundu, kisha piga msasa kingo, kwa sababu unga wa haidibodi nao ni vumbi litakaloingia kwenye feni. Ufute kabla ya kurudisha chochote.

Kisha rudisha kabati, lakini usiligandamize ukutani. Sony wanataka angalau sentimita 10 kati ya mashine na ukuta. Mimi naacha sentimita 10 kati ya kabati lenyewe na ukuta, ili hewa ya moto ikishatoka ipate njia ya kupanda juu. Pazia refu linaloning'inia nyuma ya kabati linazuia hilo, kwa hiyo lifunge pembeni.

Ndani ya chumba, vipimo ni hivi. Slim ina upana wa sentimita 26.5, urefu wa mbele kwenda nyuma 28.8 na unene wa 3.9. Isogeze katikati ili kila upande ubaki na sentimita 10 au zaidi. Kwenye chumba cha sentimita 60 zinabaki karibu 17 kila upande, inatosha. Kwa mbele kwenda nyuma, isogeze nyuma karibu na tundu ulilokata, ili hewa itoke moja kwa moja nje badala ya kumwagika ndani ya chumba. Pima kwanza nyaya zisipindwe kwa nguvu. Kama king'amuzi kiko chumba hichohicho, kihamishie kingine, kwani nacho kinatoa joto lake mchana na usiku. Stebilaiza iwekwe chini kabisa au nje.

Na vile vitambaa vya kufuma. Najua vinapendeza, na mama mwenye nyumba hataki kusikia, lakini kitambaa kilichotandikwa chini ya PS4 kinajaa nyuzi zinazovutwa na feni, na kilichotandikwa juu kinaning'inia pembeni na kufunika matundu. Mkubaliane: kitambaa kiwekwe mashine ikiwa imezimwa na imepoa, kitolewe kabla ya kuwasha. Hata hivyo kinafaa kwa kazi hiyo, kinazuia vumbi wakati haitumiki. Mlango wa kioo uwe wazi wakati wote wa kucheza. Kama kuna watoto wanaosahau, ung'oe.

Ukishakata nyuma na kuacha mlango wazi, kwa Slim kwa kawaida hakuna haja ya feni ya ziada. Kwa Pro, au kabati lililojengewa ukutani ambalo huwezi kulikata nyuma, weka feni ya USB ya sentimita 12 kwenye tundu la juu upande wa nyuma, ikivuta hewa kutoka ndani kwenda nje. Watu wengi wanaiweka kinyume, inapuliza ndani kuielekea mashine, na inaishia kuzungusha joto na kuongeza vumbi. Weka karatasi nyembamba upande wa ndani wa feni: ikivutwa na kuing'ang'ania feni, umeiweka sawa. Usiichomeke kwenye USB ya PS4 yenyewe, tumia chaja ya simu.

Pima tena

Rudia jaribio la saa moja, gemu lilelile, muda uleule wa mchana, na kipimajoto pembeni mwa mashine, siyo nyuma. Nyuma kitasoma joto la kutisha, kama inavyotakiwa. Pembeni kisizidi joto la sebule kwa zaidi ya nyuzi mbili au tatu. Kwa binamu yangu kilishuka mpaka 33 sebule ikiwa ileile ya 31, na feni ikabaki na mlio wa chini. Kama tofauti bado ni nyuzi tano au zaidi, hewa ya nyuma inarudi ndani mahali fulani. Shika utepe mwembamba wa karatasi ya chooni kuzunguka kabati uone inapopeperukia.

Kama chumba chenyewe kimefika nyuzi 35, hakuna kukata kutakakosaidia. Subiri jioni, au cheza kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Matundu ya nje yapigwe brashi kila mwezi kama mnaishi kando ya barabara ya vumbi, na kila miezi mitatu kama hali si mbaya. Ndani, acha kiganja kikuamulie: nguvu ya hewa ikipungua ndipo ufungue.

PS5 na Xbox

PS5 ya kwanza, ile yenye kisomaji cha diski, ina urefu wa sentimita 39, kina cha 26 na unene wa zaidi ya 10, kwa hiyo chumba tulichokizungumza kinaitosha kwa shida sana, na inatoa joto zaidi ya mara mbili ya Slim. Iweke juu ya kabati, nje. Kwenye kusafisha imerahisishwa: kava za pembeni zinatoka kwa mkono bila bisibisi, na chini yake kuna matundu mawili yaliyowekwa makusudi kukusanya vumbi, unaweka mdomo wa mashine ya kufyonza hapo na kazi imekwisha. Usiende ndani zaidi ya hapo. Kwenye prosesa yake hakuna pesti ya kawaida, kuna metali ya kimiminika inayopitisha umeme, na tone likidondokea bodi linaweza kuiua.

Xbox Series X inatoa hewa juu, siyo nyuma. Ikisimama wima ndani ya chumba chenye kimo kidogo inapuliza joto kwenye ubao wa juu na kurudi kichwani mwake. Ilaze kwa upande au itoe kabatini, na juu ya matundu yale usiweke hata pedi.